UZI: Ripoti ya maabara ya viazi mviringo imerudishwa, "umesimulia, hujaripoti". Naigawaje iwe Utangulizi, Mbinu, Matokeo na Mjadala?

Kijana wa Ilomba

Habari zenu wakuu. Kundi letu lilipima densiti ya viazi mviringo kwa kuvipima hewani na majini. Ripoti imerudi na maneno hayo niliyoweka kwenye kichwa, pamoja na agizo la kuigawa sehemu nne, kila sehemu ibaki na yake. Nimeshajaribu kuikata, lakini kila sentensi naona inaweza kukaa sehemu mbili au tatu. Naiweka hapa yote kama ilivyo:

"Siku ya Jumanne tulifika maabara saa tatu asubuhi tukiwa na viazi mviringo vya aina mbili, vyekundu na vyeupe, tulivyonunua sokoni kwa sababu tulitaka kujua vipi vinafaa kwa chipsi. Kwanza tuliviosha maana vilikuwa na udongo na udongo unaongeza uzito. Tulipima vyekundu hewani tukapata gramu 2045, kisha tukavitumbukiza kwenye ndoo ya maji vikiwa ndani ya kikapu tukapata gramu 158, ambayo inaonyesha vina wanga mwingi. Tulirudia tukapata 2012 na 151, halafu 2030 na 162. Tulipohamia vyeupe tulipata 2028 na 128, kisha 2051 na 125. Cha kushangaza, mara ya tatu tulipata 2017 na 96 tu kwa sababu viputo vya hewa vilinasa, hivyo tukatikisa kikapu tukapima tena tukapata 131 ambayo ndiyo sahihi. Baada ya kukokotoa tuligundua vyekundu ni bora kwa chipsi kwani densiti yake ni 1.084 na vyeupe ni 1.067 tu. Kikapu tulikuwa tumeshakiweka kwenye mzani na kuurudisha kwenye sifuri. Maji yalikuwa baridi sana. Densiti ya kiazi inahusiana na wanga, kwa hiyo jaribio lilifanikiwa."

Naomba msaada, natakiwa kuirudisha Ijumaa.

Mkwawa Jr

Mkuu hii ni rahisi. Chukua kalamu nne za rangi. Sababu ya kufanya jaribio ipake rangi ya Utangulizi, mlichofanya iwe Mbinu, namba ziwe Matokeo, maelezo yote yawe Mjadala. Halafu kata na ubandike. Kumbuka Matokeo ni namba tupu, usiweke maneno. Na hesabu zote, wastani na densiti, peleka Mjadala kwa sababu hamkuzipima, mmezikokotoa. Hiyo 96 ifute, ni kosa, itaharibu jedwali.

Tukuyu Kijani

Kama ni chipsi usisumbuke na ndoo. Kiazi chenye maji mengi kinakunywa mafuta na kinalainika, kila mkaanga chipsi anajua. Nunua vyekundu basi.

Kijana wa Ilomba

@Tukuyu Kijani asante, ila swali langu ni la uandishi wa ripoti, siyo la kununua viazi.

@Mkwawa Jr nimejaribu kupaka rangi. Sentensi ya viputo imepata rangi tatu peke yake.

Mama Uyole

Kijana wangu, hiyo sentensi yenye rangi tatu ndiyo uanze nayo, maana ukiiweza hiyo zilizobaki zitakuwa nyepesi. Mwenzako Mkwawa amekuelekeza vizuri kwenye kalamu. Kwenye kubandika hapana. Sentensi za masimulizi zimesukwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuihamisha sentensi nzima. Unaifumua, kisha unaandika sentensi mpya kwa kila uzi uliotoka ndani yake.

Tuifumue. "Cha kushangaza, mara ya tatu tulipata 2017 na 96 tu kwa sababu viputo vya hewa vilinasa, hivyo tukatikisa kikapu tukapima tena tukapata 131 ambayo ndiyo sahihi."

Kutikisa kikapu na kupima tena ni kitendo. Hicho ni cha Mbinu. Kwamba mzani ulisoma 96 kwanza na 131 baadaye ni kitu kilichoonekana kwa macho, kwa hiyo ni cha Matokeo, na namba zote mbili ziende. Kwamba viputo ndivyo vilivyosababisha ni maelezo yenu, hakuna mzani uliosoma neno "viputo". Hayo ni ya Mjadala. "Ndiyo sahihi" ni hukumu, nayo ni ya Mjadala, tena inadai ushahidi. "Cha kushangaza" na "tu" haviendi popote, vifute.

Sasa angalia maneno yaliyokuwa yameshikilia vipande hivyo: kwa sababu, hivyo, ambayo ndiyo. Hizo ndizo gundi za masimulizi. Ukimaliza kuandika Matokeo, pitia ukitafuta "kwa sababu", "inaonyesha kuwa", "kutokana na", "hivyo". Kila utakapokuta moja, ujue Mjadala umepenya. Kwenye Mbinu ni tofauti kidogo. "Vilioshwa ili udongo usiongeze uzito" inaruhusiwa, maana hiyo ni sababu ya kuchagua hatua, haielezi tokeo.

Kabla sijaendelea nijibu kitu kimoja, kwa sababu kinaamua kama namba zako zina maana. Umesema mzani mliurudisha kwenye sifuri kikapu kikiwa juu yake. Kikapu kilikuwa kinaning'inia hewani au kimezama majini wakati mnarudisha sifuri?

Kijana wa Ilomba

Shikamoo mama. Mzani ni wa kuning'iniza, unasoma gramu moja moja. Kikapu ni cha waya. Kwa kipimo cha hewani tulirudisha sifuri kikining'inia hewani. Kwa kipimo cha majini tulikizamisha kitupu kwanza, tukarudisha sifuri, ndipo tukatia viazi. Sikuandika kwa sababu niliona ni kitu kidogo.

Mama Uyole

Marahaba. Basi namba zako zimepona, ila siyo kitu kidogo. Chukua kikapu cha waya wa chuma chenye gramu 400. Kikizama kinasukuma maji ya mililita 50 hivi, kwa hiyo mzani uliowekwa sifuri hewani utakipunguzia gramu 50 kikishaingia majini. Vyekundu vyako vya 158 vingesomeka 108 hivi, na densiti ingeshuka kutoka 1.084 hadi karibu 1.056. Msomaji ambaye hajui sifuri iliwekwa wapi hawezi kuiamini hata namba moja ya ripoti yako.

Hapo ndipo faida ya kugawa sehemu inapoonekana. Masimulizi yanafunika mashimo, kwa kuwa msomaji anabebwa na "kisha" na "halafu" mpaka mwisho bila kusimama. Mbinu ikisimama peke yake mashimo yanatokeza. Isome Mbinu yako kama mtu wa Njombe ambaye hamkuwa naye siku hiyo na anataka kurudia jaribio kesho. Atauliza viazi vingapi kwa kila kipimo, na kama zile gramu 2000 na kitu ni viazi vilevile vilivyorudiwa au ni vingine. Atauliza kama mlivikausha baada ya kuviosha, maana maji yaliyobaki kwenye ngozi yanahesabiwa hewani lakini majini hayaonekani. Atauliza joto la maji. "Baridi sana" kwa mtu wa Makete siyo baridi sana kwa mtu wa Kyela.

Kijana wa Ilomba

Kila kipimo kilikuwa na viazi vipya kutoka gunia lilelile, kama kilo mbili. Tulivifuta kwa kitambaa. Joto la maji hatukupima. Niandike nyuzi 15 kwa makadirio?

Mama Uyole

Usiandike. Kwenye Mbinu andika "joto la maji halikupimwa, ndoo moja na maji yaleyale yalitumika kwa vipimo vyote sita", kama ndivyo ilivyokuwa. Athari yake utaipima kwenye Mjadala. Maji ya nyuzi 12 yana densiti ya karibu 0.9995 na ya nyuzi 20 karibu 0.9982, hivyo tofauti hiyo ya joto ingesogeza jibu lako kwa takriban 0.001. Pengo kati ya aina zako mbili ni 0.017. Tena maji yakiwa yaleyale, jibu la vyekundu na la vyeupe yanasogezwa upande mmoja. Udhaifu ukiuandika hivyo, una ukubwa na una mwelekeo. Ukiandika "huenda joto la maji liliathiri matokeo" basi, hujasema kitu.

Mkwawa Jr

Mama na ile hoja yangu ya hesabu? Sisi tulifundishwa kilichokokotolewa ni tafsiri, na tafsiri ni Mjadala.

Nyuki wa Mufindi

Niingie hapo mkuu. Kinachotofautisha siyo kupima na kukokotoa. Jiulize hivi: watu wawili wenye namba zilezile na kanuni ileile wanaweza kupata majibu tofauti? Kama hawawezi, hiyo ni Matokeo. 2045 gawanya kwa 1887 ni 1.084 kwa kila mtu, Mbeya na Songea. Kama wanaweza kubishana, hapo ni Mjadala. "Vyekundu vinafaa kwa chipsi" watu watabishana.

Kwa hiyo kanuni inaandikwa kwenye Mbinu, jibu lake kwenye Matokeo, maana ya jibu kwenye Mjadala. Kanuni zenyewe hizi hapa, weka kwenye Mbinu:

```
densiti linganishi = uzito hewani / (uzito hewani - uzito majini)
sehemu kavu (%) = 24.182 + 211.04 * (densiti linganishi - 1.0988)
```

Ya pili ni ya von Scheele na wenzake, ya mwaka 1937. Inakadiria sehemu ya kiazi inayobaki ukiondoa maji yote, ambayo kwa kiasi kikubwa ni wanga. Ukiitumia mtaje mwenyewe. Kwa 1.084 inatoa asilimia 21.1, kwa 1.067 inatoa 17.5.

Na Matokeo siyo namba tupu. Jedwali bila sentensi linamwachia msomaji kazi ya kutafuta. Mwambie aangalie wapi: "Vipimo vyote vitatu vya viazi vyekundu vilikuwa juu ya 1.080 na vyote vya vyeupe vilikuwa chini yake." Ni maneno, lakini hayajaeleza sababu wala kupendekeza chochote.

Mama Uyole

Nakubaliana na Nyuki, na hiyo 1.080 inanikumbusha Utangulizi. Kwenye masimulizi yako hamna kigezo popote. Mnasema vyekundu ni bora kwa kuwa 1.084 ni kubwa kuliko 1.067, lakini kubwa kuliko mwenzake haina maana ya kutosha. Kigezo kinachotumika sana ni densiti linganishi ya 1.080 na kuendelea, au sehemu kavu ya asilimia 20 na kuendelea, kwa viazi vya kukaanga. Hiyo ilijulikana kabla hamjaingia maabara, kwa hiyo mahali pake ni Utangulizi. Mjadala utaitumia kupimia, hautaitambulisha upya.

Utangulizi wako usizidi aya moja. Kiazi chenye sehemu kavu nyingi hupoteza maji machache kikikaangwa na hunywa mafuta machache (hapa Tukuyu Kijani amesema kweli, na ndiyo sababu ya jaribio lenu). Densiti hupanda sehemu kavu inapopanda, ndiyo maana mzani na ndoo vinatosha kukadiria. Kigezo ni 1.080. Lengo: kulinganisha densiti linganishi ya aina mbili za viazi mviringo na kigezo hicho. Nukta. "Jumanne saa tatu asubuhi" haibaki popote, isipokuwa kama muda unabadilisha kitu, kwa mfano viazi vilikaa siku ngapi baada ya kuchimbwa. Hiyo ingefaa kwenye Mbinu, kama mnaijua.

Stendi ya Makambako

Mimi nina ripoti ya mahojiano na wakulima wa mahindi wa Wanging'ombe. Nayo naweza kuifumua hivi? Shida yangu maneno ya mkulima mwenyewe tayari yana sababu ndani yake, anasema "mahindi yalikauka kwa sababu mbolea ilichelewa". Kwa kanuni ya "kwa sababu" ya Mama Uyole, hiyo nihamishie Mjadala?

Nyuki wa Mufindi

@Stendi ya Makambako hapana, kwako kauli ya mkulima ndiyo data. Inakaa Matokeo pamoja na "kwa sababu" yake, ila iandike kama kauli: "wakulima kadhaa walihusisha kukauka kwa mahindi na kuchelewa kwa mbolea". Mjadala ni pale wewe unapoamua kama wana haki. Ila fungua uzi wako mkuu, mahojiano yana mambo yake mengi, tutamchanganya mleta mada.

Kijana wa Ilomba

Nimeandika Mbinu upya, naomba mniangalizie:

"Viazi mviringo vyekundu na vyeupe vilinunuliwa sokoni, gunia moja kwa kila aina. Kwa kila aina zilichukuliwa sampuli tatu tofauti za takriban kilo 2. Viazi vilioshwa kuondoa udongo na kufutwa kwa kitambaa. Kila sampuli ilipimwa kwa mzani wa kuning'iniza unaosoma gramu 1, kwanza hewani, kisha ikiwa imezama yote kwenye ndoo ya maji ndani ya kikapu cha waya. Mzani ulirudishwa kwenye sifuri kikapu kitupu kikiwa hewani kwa kipimo cha kwanza, na kikiwa kimezama kwa kipimo cha pili. Maji yaleyale yalitumika kwa sampuli zote. Joto lake halikupimwa. Sampuli ya tatu ya vyeupe ilitoa uzito mdogo isivyo kawaida majini kwa sababu ya viputo, hivyo kikapu kilitikiswa na kupimwa tena. Densiti linganishi na sehemu kavu zilikokotolewa kwa kanuni zifuatazo."

Mama Uyole

Vizuri sana, mashimo yamezibika. Imebaki sentensi ya mwisho kasoro moja. Umeingiza Matokeo ("mdogo isivyo kawaida") na Mjadala ("kwa sababu ya viputo") ndani ya Mbinu. Andika hivi: "Baada ya kipimo cha kwanza majini, kikapu cha sampuli ya tatu ya vyeupe kilitikiswa na sampuli ikapimwa tena. Sampuli nyingine tano hazikupimwa mara ya pili."

Hiyo nusu ya mwisho usiiache. Msomaji makini ataiona mara moja: mlirudia kipimo kimoja tu, na mlikirudia kwa kuwa hamkukipenda. Vile vitano vilivyowaridhisha hamkuvitikisa. Huenda navyo vilikuwa na hewa.

Mkwawa Jr

Ndiyo maana nilisema 96 ifutwe. Ikibaki inaleta maswali yasiyo na kichwa wala miguu.

Nyuki wa Mufindi

Maswali ndiyo yanayotakiwa mkuu. Nimekokotoa pande zote mbili. Ukitumia 96, sampuli hiyo ina densiti 1.050 na wastani wa vyeupe ni 1.061. Ukitumia 131, sampuli ni 1.069 (1.06946 kabla ya kukata desimali), na wastani ni 1.067. Kwa vyovyote vile vyeupe viko chini ya 1.080. Kwa hiyo ukiweka zote mbili hitimisho lako halitikisiki, na ukificha moja unapoteza uaminifu bila kupata faida yoyote.

Desimali nazo: mzani unasoma gramu 1. Gramu moja ya kosa majini, kwenye sampuli ya kilo 2, inasogeza densiti kwa karibu 0.0006. Basi ripoti desimali tatu, ya nne haina mguu wa kusimamia. Kokotoa kwa nne ukipenda, ukate mwishoni.

Kijana wa Ilomba

Kwenye jedwali niweke ipi kwenye safu ya wastani, 1.061 au 1.067?

Nyuki wa Mufindi

Mimi ningeweka 1.061, kipimo cha kwanza kwa sampuli zote, halafu chini ya jedwali sentensi moja kwamba kipimo cha marudio kilikuwa gramu 131 na wastani ungekuwa 1.067. Sababu yangu ni kwamba sampuli zote zinakuwa zimetendewa sawa.

Mama Uyole

Mimi ningefanya kinyume. Kama kikapu hakikuwa kimekaa sawa, 96 haikuwa kipimo cha viazi hata kidogo, na kuiweka kwenye wastani ni kujumlisha viazi na ndoo. Ningeweka 1.067 kwenye wastani na 96 chini ya jedwali. Muulize anayesahihisha anataka ipi. Cha lazima ni namba zote mbili zionekane, na zionekane kwenye Matokeo.

Ila tufike kwenye viputo vyenyewe, maana hapo Mjadala wako unaweza kuanguka. Tofauti ya 131 na 96 ni gramu 35. Kila mililita ya hewa iliyonasa inainua kikapu kwa karibu gramu moja. Kwa hiyo viputo vyenu vilitakiwa kuwa na hewa ya mililita 35, sawa na vijiko saba vya chai. Viputo vidogo vinavyoganda kwenye ngozi ya kiazi haviwezi kufika huko. Mliona mfuko mkubwa wa hewa ukitoka?

Kijana wa Ilomba

Viputo vilitoka lakini vidogo vidogo, sikuona mfuko mkubwa. Ninavyokumbuka tulikinyanyua kikapu kidogo ndipo tukakitikisa.

Mama Uyole

Basi fikiria na haya mengine. Kikapu kikigusa ukuta wa ndoo au kitako chake, ndoo inabeba sehemu ya uzito na mzani unasoma pungufu. Kiazi kimoja kikichungulia juu ya maji, ile sehemu iliyo nje haisukumiwi juu na maji, kwa hiyo mzani unasoma zaidi, siyo pungufu. Hilo la pili linajiondoa lenyewe. Linabaki la kugusa ndoo, na kunyanyua kikapu kungelirekebisha papo hapo kama kungekuwepo.

Angalia Mjadala unavyofanya kazi hapa. Mmechukua maelezo, mkayapima kwa namba zilizomo kwenye Matokeo, mkakuta hayatoshi, mkaleta mengine. Kwenye masimulizi "kwa sababu viputo vilinasa" ilipita kama kitu kilichoonekana kwa macho, na kwa kuwa ilikaa katikati ya namba hakuna aliyeihoji.

Mkwawa Jr

Hapo nimekuelewa mama. Lakini kama hajui ni viputo au ni ndoo, ataandika nini?

Nyuki wa Mufindi

Ataandika kwamba hajui, ila kwa namba. Kitu kama hiki:

"Kipimo cha kwanza cha sampuli ya tatu ya vyeupe kilikuwa pungufu kwa gramu 35 kuliko cha marudio. Viputo vidogo vilionekana vikitoka, lakini upungufu huo ungehitaji takriban mililita 35 za hewa. Kikapu kugusa ndoo kungeweza pia kupunguza usomaji. Vipimo vilivyofanyika havitoshi kutenganisha sababu hizi mbili."

Kijana wa Ilomba

Mjadala wangu wote basi uanze na hiyo?

Mama Uyole

Hapana, hiyo iwe aya ya pili au ya tatu. Anza na jibu la swali la Utangulizi: vyekundu vilifikia kigezo cha 1.080, vyeupe havikufikia, kwa wastani wowote utakaotumia. Usirudie jedwali, taja namba mbili tu za kushikilia hoja. Kisha ukubwa wa pengo: 0.017, wakati tofauti ndani ya vyekundu, kati ya sampuli ya juu na ya chini, ni 0.006. Pengo kati ya aina ni kubwa kuliko mtawanyiko ndani ya vyekundu, na hilo ni la kusema. Ndipo yaje mambo ya 96, kisha joto la maji, kisha mipaka.

Mipaka iwe ya jaribio hili kweli. Gunia moja kwa kila aina maana yake huwezi kusema lolote kuhusu "viazi vyekundu" vya Nyanda za Juu zote. Gunia la vyekundu huenda lilitoka shamba lenye mvua chache kuliko la vyeupe, na densiti ingetofautiana hata kama mbegu ni moja. Sema "viazi vyekundu vilivyopimwa". Tena kanuni ya 1937 haikutengenezwa kwa viazi vya huku, kwa hiyo 21.1 na 17.5 ni makadirio mpaka mtu avikaushe vipande kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, kisha alinganishe.

Na "jaribio lilifanikiwa" iondoe.

Tukuyu Kijani

Kumbe nilichosema mimi kiliingia kwenye Utangulizi! Swali: kama densiti imepimwa na hakuna aliyekaanga hata kiazi kimoja, ataandikaje "vinafaa kwa chipsi"?

Mama Uyole

Hilo ni swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Hawezi. Anachoweza kuandika ni kwamba vilifikia kigezo cha densiti kinachotumika kuchagulia viazi vya kukaanga. Rangi baada ya kukaangwa inategemea sukari ndani ya kiazi, na sukari haionekani kwenye ndoo. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kinaweza kuwa na 1.084 na bado kikatoka cheusi kwenye karai.

Kijana wa Ilomba

Nimefika hapa kwenye Matokeo, niambieni kama kuna kilichopenya:

"Densiti linganishi ya viazi vyekundu ilikuwa 1.084, 1.081 na 1.087 (wastani 1.084). Ya vyeupe ilikuwa 1.067, 1.065 na 1.069 (wastani 1.067), ikitumika kipimo cha marudio kwa sampuli ya tatu. Kipimo cha kwanza cha sampuli hiyo majini kilikuwa gramu 96 (densiti 1.050), na kikitumika wastani ni 1.061. Sehemu kavu iliyokadiriwa ilikuwa asilimia 21.1 kwa vyekundu na 17.5 tu kwa vyeupe."

Nyuki wa Mufindi

"Tu" imepenya. Itoe, kisha weka jedwali la uzito wa hewani na majini juu ya aya hii ili mtu aweze kukokotoa mwenyewe.

Mkwawa Jr

Mkuu, kama ndoo na mzani bado vipo, kabla ya Ijumaa tumbukizeni sampuli yoyote ya vyeupe mara moja kikapu kikigusa ukuta na mara moja kikiwa huru. Mtajua kama gramu 35 zinawezekana.

Kijana wa Ilomba

Mzani upo. Kesho saa nane tuna nafasi ya maabara, nitaleta namba hapa.